Kumtoa mtu baki kwenye picha ya familia: Magic Eraser, Snapseed au GIMP?

Picha imetoka poa, wote wameangalia kamera, mtoto hajafumba macho, bibi kacheka, halafu nyuma pale kuna jamaa wa shati jekundu hamumjui hata jina. Unataka atoke. Ukiuliza watu kila mmoja atakutajia programu yake na kuapa hiyo ndo yenyewe, na wote wanasema kweli ila kila mmoja anazungumzia picha ya aina yake. Kwa hiyo hapa nitazichukua njia tatu za bure, Magic Eraser iliyo ndani ya Google Photos, Healing ya Snapseed, na GIMP ya kwenye kompyuta, nizipitishe zote kwenye picha moja ya mfano uone kila moja inafika wapi.

Kabla ya yote jaribu kukropu. Kama mtu baki yuko pembeni kabisa na ukikata ukingo hakuna mkono wa ndugu unaoondoka, kata, kazi imeisha na huhitaji kusoma zaidi.

Mambo ya kuangalia kabla hujachagua

Kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba hakuna programu inayojua kilichokuwa nyuma ya yule mtu. Kamera haikukiona, hakipo kwenye faili. Programu zote zinachofanya ni kuziba shimo, ama kwa kuazima kipande cha sehemu nyingine ya picha hiyohiyo, ama kwa kubuni kitu kinachofanana na jirani zake. Ukishalijua hilo maswali ya kujiuliza yanakuja yenyewe.

Swali la kwanza ni nyuma yake kuna nini. Nyasi, mchanga, mawingu, majani ya miti, hivyo ni rahisi maana havina mpangilio, jicho halijui jani lipi lilitakiwa kuwa wapi. Matofali, vigae, uzio wa vyuma, madirisha na maandishi ni shughuli, maana mstari ukipinda kidogo tu kila mtu anauona.

La pili, je anagusana na watu wako? Mtu aliyesimama peke yake kwa mbali ni kitu kimoja, mtu ambaye bega lake limejificha nyuma ya kichwa cha mama ni kitu kingine kabisa, hapo ndo kazi nyingi zinapoharibikia.

La tatu, picha inaenda wapi. Ya kuweka stetasi itaonekana kwenye kioo cha simu kwa sekunde chache. Ya pikseli 4000 kwa 3000 inayoenda kuprintiwa A4 na kutundikwa sebuleni, watu watasimama mbele yake waikague, na kila doa litaonekana.

La nne ni kifaa ulichonacho na uvumilivu wako, hilo unalijua mwenyewe.

Picha yetu ya mfano

Watu wanne wamesimama kwenye nyasi. Nyuma yao ukuta wa matofali. Jamaa wa shati jekundu yuko nyuma upande wa kushoto, kiuno kwenda juu anaziba matofali, kiuno kwenda chini anaziba nyasi, mkono wake mmoja umepita nyuma ya bega la bibi aliyejitanda mtandio wa bluu, na kivuli chake kimelala kwenye nyasi kuelekea miguuni kwa mtoto. Nimeichagua hivi makusudi maana ina sehemu rahisi, sehemu ngumu, sehemu ngumu zaidi, na sehemu moja ambayo karibu kila anayeanza huisahau, yaani kivuli.

Jambo moja kabla ya kuanza: tumia faili halisi kutoka kwenye simu iliyopiga. Ile uliyotumiwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa, maelezo madogo ya nyasi na matofali yamefutika, na programu ikiazima kutoka humo inaazima ukungu. Mwambie aliyepiga akutumie kama dokumenti.

1. Magic Eraser ya Google Photos

Hii ilianza mwaka 2021 kwenye simu za Pixel 6, ikaja kufunguliwa kwa wanaolipia Google One mwaka 2023, na mwaka 2024 Google wakaiachia kwa watumiaji wote wa Google Photos ilimradi simu iwe na uwezo kidogo, walisema Android 8 au iOS 15 kwenda juu na RAM isiyopungua GB 3.

*Hatua zake.* Fungua picha, bonyeza Edit, tafuta Tools (kwenye toleo lako vitufe vinaweza kuwa vimepangwa tofauti kidogo), halafu Magic Eraser. Mara nyingi itakupendekezea yenyewe watu wa kuondoa kwa kuwazungushia rangi, ukimgusa yule wa shati jekundu anaondoka. Isipompendekeza mzungushie kidole wewe, na usimkaribie sana, acha nafasi ndogo ya nyasi au ukuta kumzunguka ili isibaki pindo nyekundu. Kisha kizungushie kivuli chake kama kitu cha pili. Bonyeza Done, halafu Save copy, na ile ya mwanzo inabaki salama.

*Inapofanya vizuri.* Kwenye mfano wetu upande wa nyasi unatoka safi sana kwa mguso mmoja, na kivuli pia. Mtu wa mbali, mdogo kwenye picha, aliyezungukwa na anga au majani, sijaona njia ya haraka kuliko hii.

*Inapochemka.* Ukuta. Kwa mbali unaona matofali, ukivuta karibu unakuta mistari ya saruji imeyeyuka, tofali moja limekuwa refu kama mawili, mstari unaanza kulia ukifika katikati unapotea. Na pale begani kwa bibi, programu inabidi ikisie ukingo wa mtandio uko wapi, saa ingine inakata kipande cha mtandio, saa ingine inaacha nyama ya mkono wa jamaa ikining'inia kama kidoa cha kahawia. Tatizo lenyewe siyo kukosea, ni kwamba huna pa kushika ukarekebishe, unaweza tu kurudi nyuma na kuzungushia upya ukiomba safari hii ikisie vizuri.

Kuna kitufe kingine wengi wanakipita, Camouflage, kama kwenye toleo lako kipo. Hicho hakimwondoi mtu, kinampoza rangi ili afanane na mazingira. Jamaa wetu anakuwa na shati la rangi ya ukuta badala ya jekundu, na ghafla macho hayamwendei tena. Kwa picha ambayo mtu kabanana sana na familia, binafsi naona hiyo inaaminika zaidi kuliko kumfuta ukabaki na bega lililoliwa.

*Inamfaa nani.* Asiyetaka kujifunza kitu, mwenye picha nyingi za kusafisha, na picha zinazoishia kwenye simu.

2. Snapseed, kifaa cha Healing

Snapseed nayo ni ya Google, ni bure, iko Android na iPhone, na simu ya kawaida inaiweza.

*Hatua zake.* Fungua picha, Tools, kisha Healing. Sasa hapa ndo wengi wanakosea: ukubwa wa brashi haubadiliki kwenye kioo, unaubadilisha kwa kuvuta picha. Ukiikuza picha, brashi inakuwa ndogo kwa kulinganisha na mtu, ukiirudisha inakuwa kubwa. Anayeanza anapaka jamaa mzima kwa mpigo mmoja bila kukuza chochote, anapata bonge la doa, anasema programu mbovu.

Fanya hivi. Kuza picha mpaka kichwa cha jamaa kijae karibu nusu ya kioo. Usianze katikati ya mwili, anza kwenye ukingo wa nje, ule ulio mbali na bibi, upake vipande vidogovidogo ukielekea ndani. Ukiinua kidole programu inaziba hapohapo kwa kuazima kipande cha karibu. Kikikaa vizuri endelea, kikikaa vibaya bonyeza mshale wa kurudi na upake tena kwa umbo tofauti kidogo au kutokea upande mwingine, maana mpako ukibadilika na chanzo kinachoazimwa mara nyingi hubadilika. Hivyo ukuta unaula kidogokidogo kama panya anavyokula mkate. Nyasi unaweza kwenda kwa vipande vikubwa zaidi. Kivuli kipake kwa urefu wake, kuanzia ncha kurudi miguuni. Ukimaliza weka alama ya tiki, halafu Export na uchague kusevu kopi.

*Inapofanya vizuri.* Vitu vidogo na vya kati kwenye nyasi, mchanga, ukuta uliopakwa rangi moja. Na kwa vile unakwenda kipande kwa kipande una usemi fulani, tofauti na ile ya kwanza ambayo inaamua yote kwa mpigo.

*Inapochemka.* Huwezi kuiambia iazime wapi. Inachagua yenyewe, na karibu na watu wako inaweza kuchagua vibaya, unapaka mkono wa jamaa karibu na mtandio, inakuletea kipande cha mtandio wa bluu kinaelea ukutani, au mbaya zaidi robo ya uso wa bibi. Ukiona hivyo usipake juu yake, rudi nyuma kwanza, maana mpako wa pili utaazima kutoka kwenye kosa la kwanza. Ugonjwa wake mwingine ni mapacha: tofali lenye doa jeusi linajirudia mara tatu kwa safu, au kichaka kimoja cha nyasi kinaonekana hapa na pale vilevile. Na ukipaka eneo lilelile mara nyingi linakuwa laini kama limefutwa kwa kitambaa, wakati pembeni yake nyasi zina makali.

*Inamfaa nani.* Mwenye simu tu, mwenye subira ya kukaa nayo kidogo, na picha ambayo mtu baki hagusani na ndugu au anagusana sehemu ndogo.

3. GIMP kwenye kompyuta

GIMP ni bure kabisa, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux. Ukiifungua mara ya kwanza inatisha, vitufe kila kona, lakini kwa kazi hii unahitaji vitatu tu: Free Select, Clone na Heal. Nitakaa hapa muda mrefu kidogo maana ndiyo pekee ambayo wewe mwenyewe unaamua kila kitu.

*Hatua zake.* Fungua picha, kisha rudufu leya, yaani tabaka la picha, kwa kubonyeza Shift+Ctrl+D, kazi yote ifanyie kwenye hiyo kopi ili ya chini ibaki kama ilivyo. Ukitaka kulinganisha unaizima ya juu kwa kile kijicho.

Sasa ulinde bibi kwanza. Bonyeza F upate Free Select, kuza picha kwenye bega lake, na uchore mstari kwa kubofya nukta baada ya nukta: upande wa bega fuata ukingo wa mtandio kwa makini, upande mwingine mzungukie jamaa kwa ulegevu tu, ukiacha nafasi. Rudi kwenye nukta ya kwanza uifunge, halafu Enter. Nenda Select, Feather, weka pikseli 1 au 2 ili ukingo usionekane umekatwa kwa wembe. Kuanzia hapa brashi haiwezi kuvuka mstari huo hata mkono ukitetemeka, mtandio uko salama. Hii hatua moja inatatua lile tatizo ambalo njia mbili za kwanza hazina dawa nalo.

Bonyeza C upate Clone. Kwenye vipimo vyake tafuta Alignment, iko None, ibadilishe iwe Aligned, na Hardness, yaani ukali wa ukingo wa brashi, iweke karibu 75. Clone haikisii chochote, inakopi ulipoiambia. Shikilia Ctrl na ubofye mahali unapotaka kuazima, achia, kisha paka unapotaka kuziba.

Kwa ukuta siri iko kwenye pale unapobofya. Usibofye katikati ya tofali. Tafuta makutano, pale mstari wa saruji uliosimama unapokutana na uliolala, kwenye safu ileile ya matofali ambayo jamaa anaiziba. Bofya hapo na Ctrl. Kisha nenda kwa jamaa, fuata mstari uleule uliolala, ukadirie makutano yanayofuata yangekuwa wapi, na uanze kupaka hasa kwenye hiyo nukta. Makutano yakikaa juu ya makutano, matofali mengine yote yanajipanga yenyewe unavyoendelea, na kwa sababu ya Aligned unaweza kuinua mkono ukarudi bila mpangilio kuvurugika. Azima kwa kwenda pembeni, siyo kutoka juu au chini, maana ukuta mara nyingi mwanga wake hubadilika kwenda juu, na kama kamera ilikuwa imeinama matofali ya juu hayalingani ukubwa na ya chini.

Nyasi ni mteremko. Punguza Hardness iwe 25 hivi, azima sehemu mbalimbali, badilisha chanzo mara kwa mara ili usitengeneze mapacha. Kama nyasi ulizoleta zimekuwa na mwanga tofauti na majirani zake bonyeza H, hiyo ni Heal, bofya chanzo na Ctrl vilevile, upake juu ya mpaka, yenyewe inaleta umbile la chanzo ila inachanganya rangi na mwanga wa mahali ilipo. Kwa hiyo Heal isiende karibu na bega la bibi, itavuta bluu ya mtandio iichanganye na ukuta na utapata ukungu wa bluu. Kwenye kingo kali ni Clone, kwenye maeneo ya wazi ni Heal.

Toa uteuzi kwa Shift+Ctrl+A, shughulikia kivuli kwenye nyasi kwa njia hiyohiyo, ila simama mbele kidogo ya viatu vya mtoto, maana mtoto naye ana kivuli chake na ukikila ataonekana anaelea. Maliza na Shift+Ctrl+E, ipe jina jipya lenye .jpg mwishoni.

*Inapofanya vizuri.* Mistari, kingo, na picha kubwa za kuprinti. Pia ina mbinu ambayo nyingine hazina, na kama unaweza itumie: mara nyingi mpiga picha alipiga mfululizo, na kwenye ile nyingine jamaa alishasogea. Basi kilichokuwa nyuma yake kipo, kimepigwa! Fungua ile ambayo amesogea, halafu File, Open as Layers, uilete ile nzuri ya familia ikae juu. Punguza Opacity ya juu iwe nusu ili uone ya chini kupitia kwake, bonyeza M uisogeze mpaka matofali ya picha zote mbili yalaliane, rudisha Opacity 100. Ongeza maski nyeupe kwenye leya ya juu, maski ni pazia ambalo ukilipaka nyeusi sehemu hiyo ya leya inafichika, chukua brashi nyeusi, mpake jamaa. Anatoweka na ukuta halisi unatokea, bila kukisia. Inataka tu mpiga picha awe hakuhama aliposimama.

*Inapochemka.* Inakula muda, na mara ya kwanza utatumia jioni nzima. Simu haiiwezi. Na kama ukuta hauna sehemu nzuri ya kuazima, tuseme jamaa ameziba mlango wote, Clone haina cha kukopi, hapo Magic Eraser inayobuni inaweza kukushinda kwa mbali.

*Inamfaa nani.* Mwenye picha moja ya maana, kompyuta, na nia ya kuikalia.

Kukagua, njia yoyote uliyotumia

Macho yako yameshajua jamaa alikuwa wapi kwa hiyo yanakudanganya pande zote mbili, mengine unayaona yasiyokuwepo na mengine unayapita. Igeuze picha kushoto kulia, Snapseed ina kitufe hicho kwenye Rotate na GIMP iko Image, Transform, Flip Horizontally, ubongo unaisoma kama picha mpya na makosa yanaruka. Angalia mistari inayokatika, mapacha, na kivuli au kiatu kisicho na mwenyewe. Kisha mpe mtu ambaye hakuiona ya mwanzo, usimwambie kitu, uone macho yake yanaenda wapi.

Sasa uchague ipi

Jamaa yuko mbali, peke yake, kwenye nyasi au anga, na picha ni ya simu: Magic Eraser, na kama simu yako haina basi Snapseed itafika karibu palepale. Kama simu yako ina kifutio chake ndani ya galari, jaribu hicho kwanza, kinafanya kazi kwa mtindo uleule na udhaifu uleule.

Jamaa ni wa ukubwa wa kati, ukuta ni wa rangi moja, hagusi mtu, na Magic Eraser imeacha doa: ipeleke hiyohiyo Snapseed umalizie doa tu. Kuzichanganya hakuna ubaya, na kwa picha nyingi ndo njia fupi kuliko zote. Hata kwenye mfano wetu unaweza kuacha nyasi zishughulikiwe na simu, ukuta na bega ukavipeleka kwenye kompyuta.

Kuna matofali au uzio, au kagusana na bega au nywele za ndugu, na picha itaprintiwa: GIMP, na uulize kwanza kama kuna picha nyingine ya mfululizo ule.

Kabanana na familia kiasi kwamba mkono wake uko begani kwa mjomba au nywele zimeingiliana, na kompyuta huna: usimfute. Mpoze rangi kwa Camouflage, au kwenye Snapseed tumia brashi iliyo kwenye Tools upunguze Saturation, yaani ukolezi wa rangi, ya shati lake tu na mwangaza kidogo, abaki nyuma hukohuko bila kelele.